Anapatikana akiwa kazini, anapotea akiwa likizo: kisa cha mwalimu na fundi wa mgodini

Mwenye kisa ni mwalimu wa sekondari mjini Morogoro, mwanamke wa miaka 33. Ameniruhusu nikiandike mradi nisitaje majina, nami nimebadilisha mambo mawili matatu ili asitambulike. Mwanamume ni fundi mitambo kwenye mgodi mmoja wa Kanda ya Ziwa, na kwao, kwa maelezo yake, ni Mwanza. Walikutana kwenye programu ya simu ya kutafutia wachumba, wakahamia WhatsApp baada ya wiki mbili hivi, na mwalimu alipokuja kwangu kuomba ushauri walikuwa na miezi mitano. Alikuja na swali moja tu: "Huyu ana mke au mimi ndiye nina wivu?"

Nimekichagua kisa hiki kwa sababu fundi alikuwa na udhuru ulioonekana kujibu kila kitu. Ratiba yake ilikuwa siku kumi na nne kambini na siku saba nyumbani. Zamu ni ya saa kumi na mbili, simu haziruhusiwi karibu na mitambo, na wiki nyingine anaingia usiku. Mtu wa namna hiyo akichelewa kujibu utamlaumu kwa lipi? Mwalimu mwenyewe aliniambia kwamba kila akitaka kununa anakumbuka mwenzake yuko shimoni, anaona haya.

Kwanza tuliondoa hofu ya utapeli, maana ndiyo inayowajia watu wengi na inapoteza muda. Fundi hakuwahi kuomba hela. Yeye ndiye aliyetuma, na mara mbili alikuja Morogoro kwa miguu yake: ndege hadi Dar, kisha treni ya mwendokasi. Tapeli wa mapenzi ana kazi ya kukwepa kuonana na kazi ya kukufikisha kwenye pesa. Mume wa mtu anataka sana kuonana, ila yeye ndiye anayepanga siku na mahali. Ukiona mtu anakuja kila anapoahidi, halafu hata siku moja hukupanga wewe, hiyo ni habari tofauti kabisa na ya kutapeliwa.

Nikamwomba anitajie kila kilichomtia shaka. Aliloanza nalo ndilo lililomnyima usingizi. Siku moja alitaka kumtumia fundi nauli ya mzigo kwa namba yake. Alipoandika kiasi, kabla ya kuthibitisha, likatokea jina la mwanamke lenye ukoo uleule wa fundi. Akafuta muamala, akakaa na jambo hilo moyoni mwezi mzima.

Nilimwambia asilibebe sana. Laini za simu siku hizi zinasajiliwa kwa alama za vidole na namba ya NIDA, na kuna watu chungu nzima wanaotumia laini ya mama, ya dada au ya mtoto, kwa sababu namba ya NIDA ilichelewa au walipoteza simu siku mbaya. Jina la ukoo mmoja linaweza kuwa la mke, lakini wake wengi wa Kitanzania hawabadilishi ukoo kwenye kitambulisho, kwa hiyo ukoo uleule unaelekeza kwa dada zaidi kuliko kwa mke. Baadaye ilithibitika kwamba laini ile kweli ilikuwa ya dada yake. Mwezi mzima wa kukosa usingizi kwa ajili ya wifi!

Mengine aliyataja kama mtu anayepitisha muda. Profaili haina picha ya uso, ni mtambo tu. Hajawahi kuweka picha yao kwenye status. Hotelini alilipa taslimu. Haya yote ni kweli kwa waume za watu, na ni kweli vilevile kwa nusu ya wanaume waseja ninaowafahamu. Ukimfungia mtu kesi kwa sababu ya picha ya greda, atakushinda mchana kweupe.

Tulipofika kwenye ratiba ndipo nilipokaa sawa. Nilimuuliza, "Akiwa kambini mnaongeaje?" Akasema wanaongea vizuri sana. Akitoka zamu saa kumi na mbili jioni anaoga, anakula, saa mbili au saa tatu usiku anapiga, mara nyingi kwa video, yuko kitandani kwenye chumba chake cha kambi, wanaongea hadi usingizi umshike. "Na akiwa likizo?" Akanyamaza kidogo. Likizo fundi huwa hapatikani. Anajibu asubuhi kwa neno moja, mchana hakuna, usiku simu imezimwa. Maelezo yake yalikuwa kwamba mtandao wa kwao Nyegezi ni sumbufu na akiwa nyumbani anapenda kupumzika na simu.

Hapo ndipo udhuru ulipojivunja wenyewe. Kazi ngumu humzuia mtu akiwa kazini. Fundi wetu alikuwa huru kazini, akafungwa nyumbani, jijini Mwanza, ambako mtandao ungetakiwa kuwa bora kuliko porini. Chochote kilichomzuia kilikuwa nyumbani. Hii ndiyo dalili ninayoiamini kuliko zote, na haihusu migodi peke yake: chukua sababu anayokupa ya kutopatikana, uangalie anakuwaje saa ambazo sababu hiyo haipo. Dereva wa lori la Tunduma anayepiga simu akiwa njiani na kuzima akifika nyumbani ana habari moja na fundi huyu. Daktari anayejibu akiwa zamu ya usiku na kupotea Jumapili, vivyo hivyo.

Hata hivyo mzunguko mmoja hautoshi. Huenda likizo ile mama yake aliumwa, au walikuwa na msiba. Mwalimu alikuwa na daftari la maandalio ya somo. Nyuma yake akaanza kuandika tarehe, fundi yuko kambini au nyumbani, na nani alimpigia nani saa ngapi. Mizunguko miwili ya siku 21 ni wiki sita. Nilimsihi asibadilishe chochote katika mawasiliano yao kwa muda huo, asipime kwa kununa wala kwa kupiga simu za kushtukiza saa nane usiku, kwa sababu ukivuruga mwenyewe hutajua kilichovurugika ni nini.

Daftari lilionyesha zaidi ya tulichotarajia. Safari zote mbili za Morogoro fundi alikuja katika siku mbili za mwanzo za likizo, na baada ya hapo kimya siku tano. Sikuhitaji kuambiwa hesabu yake: nyumbani aliaga kwamba zamu inaisha Alhamisi, mgodini alitoka Jumanne. Ndani ya wiki hizo ilipita Krismasi pia. Alimwambia mwalimu kwamba sikukuu itamkuta kambini kwa sababu wenzake wameomba ruhusa. Lakini tarehe 24 hadi 26 hakupatikana kabisa, na kambini ndiko anakopatikana siku zote. Kwa maneno mengine, alimwambia yuko mahali, akawa na tabia za mahali pengine.

Na kulikuwa na simu moja. Ilikuwa siku ya nne ya likizo, saa moja jioni, fundi alipiga mwenyewe akiwa ndani ya gari. Wanaongea, wanacheka, mara mwalimu akasikia mlango wa gari ukifunguliwa. Sauti ya fundi ikabadilika hapohapo, ikawa nzito ya kikazi: "Sawa bosi, hiyo oda ya spea nitaifuatilia kesho." Simu ikakatwa. Nusu saa baadaye ukaja ujumbe kwamba jirani alikuja kuomba kupishwa gari. Mtu hamwiti mpenzi wake bosi kwa sababu ya jirani.

Kufikia hapo mimi nilikuwa nimeshaamini. Lakini kuamini ni kitu kimoja na kuuliza ni kingine, na mwalimu alikuwa ameshaandika rasimu ya ujumbe. Ulikuwa mrefu, una skrinshoti saba, unaanza na "Nimekugundua". Nikamwomba asiutume, kwa sababu mbili. Ya kwanza, ujumbe wa maandishi unampa mtu usiku mzima wa kutunga. Ya pili, ukimwonyesha ushahidi wako wote kabla hajajibu, atajibu ushahidi badala ya swali. Atakufafanulia skrinshoti moja baada ya nyingine, jirani, mtandao, dada, na mwisho utajikuta unaomba radhi.

Ugumu mkubwa zaidi ulikuwa kwenye swali lenyewe. Mwalimu alitaka kuuliza, "Una mke?" Swali hilo nchini kwetu lina tundu kubwa. Watu wengi wanaishi pamoja, wamezaa, wanasomesha, na hawajafunga ndoa kanisani, msikitini wala bomani. Mwanamume wa namna hiyo atakwambia "sijaoa" akiwa mkavu wa macho, na moyoni anajiona hajasema uongo. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 haikubaliani naye sana: kifungu cha 160 kinasema mwanamume na mwanamke wakiishi pamoja kwa miaka miwili au zaidi na kujulikana kama mume na mke, kuna dhana kwamba wameoana, mpaka mtu athibitishe vinginevyo. Kwa sababu hiyohiyo kutafuta karatasi peke yake hakusaidii. RITA wanaandikisha ndoa, ila mahari iliyopelekwa kijijini na maisha ya pamoja yaliyofuata huwezi kuyakuta kwenye daftari lao.

Basi swali likahama kutoka kwenye hadhi likaenda kwenye maisha. Tulikubaliana yawe matatu, kwa mpangilio huu. Nyumbani kwako unaishi na nani? Kuna mwanamke yeyote anayejiona ni mke wako au mchumba wako? Na likizo ijayo, Jumapili saa nane mchana ukiwa nyumbani, nikikupigia video utapokea? Swali la kwanza haliwezi kujibiwa kwa ndiyo wala hapana. La pili linaziba tundu la "sijaoa", kwa kuwa halimuulizi anajiitaje, linamuuliza huyo mwanamke anajionaje. La tatu halihitaji kuaminiwa, linasubiri Jumapili.

Muda wa kuuliza tulichagua akiwa kambini, saa tatu usiku, simu ya sauti. Watu wengi hufanya kinyume: wanasubiri likizo, wanapiga wakiwa na hasira, mwenzao yuko sebuleni na familia, anakata, na kukata kule kunageuzwa kuwa ndio jibu. Mtu unayemuuliza jambo zito mpe mahali anapoweza kulijibu. Akishindwa pale, hana wa kumsingizia.

Mwalimu alinisimulia mazungumzo yalivyokwenda. Alianza, "Fundi, nina jambo linanikaa kifuani, naomba unisikilize kwanza. Sikushutumu. Nataka kujua ninaingia kwenye nini." Kisha akauliza la kwanza.

"Kwani nani kakwambia nini, mwalimu?"

Hakumwambia chochote. Akarudia swali vilevile, taratibu. Kwa maoni yangu hapa ndipo alipoonyesha ukomavu wa kazi yake, maana mtu anayeuliza "nani kakwambia" anataka kwanza kujua uongo wake uanzie wapi. Ukimtajia, umempimia nguo.

"Nakaa na watoto. Wawili. Nilitaka nikwambie tukiwa pamoja, si kwenye simu."

"Na mama yao?"

"Yupo yupo. Ni mzazi mwenzangu tu. Mimi sijaoa, nilishakwambia tangu mwanzo."

"Yeye anajua kwamba unatafuta mchumba?"

Alikaa kimya, halafu akasema mambo yale si ya kumwambia mtu kama yule, ana presha. Mwalimu akauliza la Jumapili. Akakubali haraka, akaapa. Jumapili ilipofika, saa nane mchana, simu iliita mpaka ikakata. Saa tano usiku ukaja ujumbe: "Samahani sana mpenzi, nilipitiwa na usingizi."

Inabidi niseme neno kwa ajili ya wanaume wasio na hatia, kwa sababu nimewaona pia. Baba aliyefiwa na mkewe, au aliyeachana kweli, anaweza kuwa na watoto nyumbani na mama mkwe anayewalea, asitake simu za mapenzi mbele yao. Kwa mtazamo wa nje anafanana kabisa na fundi. Tofauti hutokea ukishauliza. Wa kweli anaweza kukasirika kidogo, lakini kuna kitu kinahama: anakutajia jina la mtoto, anapiga akiwa uani, anakukutanisha na rafiki mmoja au dada. Fundi aliongeza viapo na hela ya vocha, lakini ratiba ya simu ilibaki ileile.

Vilevile wapo wanaojibu, "Tumetengana, talaka iko mahakamani." Inawezekana. Lakini kwa Tanzania njia hiyo huacha nyaraka. Kabla ya mahakama, wanandoa kwa kawaida hupita kwenye baraza la usuluhishi wa ndoa, baraza linatoa hati kwamba limeshindwa kuwapatanisha, na talaka inayotambuliwa na sheria hutolewa na mahakama. Kwa hiyo swali la heshima ni, "Mmefikia hatua gani?" Mwenye kesi anajua tarehe yake ijayo kama anavyojua siku ya kodi. Asiye na kesi atakwambia wanasheria wanachelewesha. Na kama mtu ni Mwislamu, au ndoa yake ya kwanza ni ya kimila, kuwa na mke hakumzuii kisheria kuoa wa pili. Huyo hana sababu ya kuficha, na akificha, jiulize kama mke mkubwa nyumbani ana habari, maana sheria inampa mke aliyepo nafasi ya kupinga tangazo la ndoa hiyo.

Mwalimu aliniuliza kama aendelee kidogo "mpaka apate uhakika kamili". Nikamsomea kifungu cha 72 cha sheria hiyohiyo. Kinamruhusu mume au mke kumdai fidia mahakamani mtu aliyezini na mwenzi wake, na katika utetezi linaangaliwa jambo hili: mdaiwa alijua, au angeweza kujua kama angechunguza kwa uangalifu wa kawaida, kwamba mtu huyo ana ndoa? Sisemi kwamba kesi hizi zinajaa mahakamani, na kwa fundi lingebishaniwa kwanza kama ile ni ndoa. Ninachosema ni kwamba kabla ya ile simu ya kambini mwalimu angeweza kusema hakujua. Baada yake asingeweza.

Alimaliza kwa ujumbe mmoja mfupi, na huu niliuunga mkono uwe wa maandishi: "Nyumbani kwako kuna mtu ambaye hajui habari zangu. Siwezi kuendelea. Nakutakia heri." Hela ya vocha aliirudisha. Fundi alipiga mara kadhaa, akatumia namba nyingine, akasema mwalimu ameharibu kitu kizuri kwa maneno ya watu. Hakujibiwa, namba zote zikablokiwa.

Lililobaki lilikuwa la yule mama wa Nyegezi. Mwalimu alishajua jina lake kupitia kwa mtu wa tatu na alitaka kumwandikia. Kwa hili nilimkatalia, na najua wapo watakaonipinga. Hamjui yule mama, hajui ana presha kweli au hana, hajui fundi ana mkono wa namna gani akikasirika, na ujumbe wa mgeni saa za usiku unaweza kumwangukia mwenye nyumba badala ya mkosaji. Mama huyo akija mwenyewe na swali, mwalimu amjibu ukweli, kwa adabu, tarehe na yote. Mpaka hapo akae kimya. Alikuwa na wazo jingine pia, la kumtafuta kijana wa kufungua WhatsApp ya fundi. Hilo ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, na lingemgeuza yeye kuwa mshitakiwa katika kisa ambacho hakuwa amekosa.

Miezi michache baadaye alirudi kwenye ile programu. Swali la pili, lile la mwanamke anayejiona ni mke au mchumba, siku hizi analiuliza kwa kila mtu kabla hawajapeana namba, kwa utani kidogo, na baadhi yao wanaacha kumjibu jioni hiyohiyo.